Yai la mtoto lisiwe lile lililopasuka njiani

Mama anayevusha mayai Busia hufanya hesabu mbili anapofika sokoni: mangapi yamefika mazima na mangapi yamepasuka. Mazima yatauzwa. Yaliyopasuka yatarudi nyumbani, na huko nyumbani kuna mtoto. Ndiyo maana nasema ushauri wa kliniki kwamba mtoto mdogo apewe yai moja kila siku ni ushauri mzuri, lakini kwetu sisi wa mpakani haujakamilika hadi tuelezwe ni yai lipi.

Hivi karibuni nilimsikiliza mhudumu wa afya akizungumza na akina mama katika kliniki moja upande wa Kenya, siku ya kupima uzito na chanjo. Wengi waliokuwa kwenye mabenchi ni wachuuzi. Aliwaambia waanze mtoto anapotimiza miezi sita, wasimwachishe ziwa, na yai lichemshwe hadi kiini kigande kabisa. Kisha lipondwe kwa uma na kulainishwa kwa maziwa ya mama au kuchanganywa na uji mzito. Siku ya kwanza apewe kijiko kidogo tu, na mama amtazame kwa saa mbili. Akitokwa na vipele, akivimba midomo au kutapika, asimpe tena hadi amrudishe kliniki. Akivimba uso au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali papo hapo.

Bibi mmoja aliuliza kama ni kweli mtoto anayekula mayai huchelewa kusema. Alijibiwa kwa heshima: "Hapana, mama. Kiini cha yai kina kolini, kirutubisho ambacho ubongo wa mtoto unakihitaji unapokua."

Kabla ya kufika kwenye ufa, tuulize kama yai kweli linafanya kazi inayosemwa. Mwaka 2015, katika milima ya Ekwado, watafiti waliwafuatilia watoto 163 waliokuwa na umri wa miezi sita hadi tisa. Nusu yao walipewa yai moja kwa siku kwa miezi sita. Udumavu ulipungua kwa asilimia 47 miongoni mwa waliokula mayai. Lakini jaribio kama hilo lilipofanywa Malawi, wilaya ya Mangochi kando ya ziwa, kwa watoto 660, urefu wao kwa jumla haukubadilika. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba udumavu haukuwa mwingi sana kati ya watoto wale tangu mwanzo, na wengi walikuwa tayari wanakula samaki.

Funzo ninaloliona mimi ni kwamba yai humsaidia zaidi mtoto ambaye hapati chakula kingine cha mnyama. Mtoto anayeshinda kwa uji mtupu kwa sababu mama yuko safarini ndiye anayelihitaji. Yule ambaye bibi yake humsagia dagaa kila siku hana hasara kubwa akikosa yai. Tena yai lina madini ya chuma kidogo, kwa hiyo haliondoi haja ya maini, dagaa au maharage. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate nyama, samaki au mayai kila siku. Halikusema lazima liwe yai.

Sasa turudi kwenye ufa. Ganda la yai ni ukuta. Likipasuka, vijidudu vya salmonela vilivyo kwenye kinyesi cha kuku na kwenye trei chafu hupata njia ya kuingia, na katika joto la Busia huongezeka upesi. Mtu mzima huenda akaumwa tumbo siku mbili akapona. Mtoto wa miezi minane anaweza kuharisha hadi akaishiwa maji mwilini, na akapoteza uzito ambao yai lilitakiwa kumwongezea.

Wachuuzi wengi hutumbukiza yai kwenye maji: likizama ni zima, likielea limeharibika. Njia hiyo hupima umri wa yai tu. Yai lililotagwa jana na kupasuka leo asubuhi huzama vizuri, na bado linaweza kuwa na vijidudu. Ufa mwembamba huonekana ukiliweka yai mbele ya tochi ya simu gizani, kwani mstari wa mwanga hujitokeza kwenye ganda. Yai la namna hiyo likipasuka mbele yako saa hiyo hiyo, lipikwe hapo hapo hadi ligande, na liliwe na mkubwa. Lililopasuka njiani na kukaa juani, au linalovuja, litupwe. La mtoto liwe zima, na lisioshwe kisha likawekwa akiba, maana kuosha huondoa utando unaoziba matundu madogo ya ganda.

Najua jibu la mchuuzi: zima ni pesa. Basi tuhesabu. Trei moja, au kreti kama wengine wanavyoiita, ina mayai 30, yaani mwezi mzima wa mtoto mmoja. Tuchukulie mama anavusha trei 20 mara mbili kwa wiki, sawa na trei 160 kwa mwezi, na faida yake kwa kila trei inalingana na bei ya mayai matatu. Faida ya mwezi ni sawa na mayai 480. Trei ya mtoto ni sehemu moja kati ya 16 ya faida hiyo. Anaweza. Lakini anayevusha trei tano kwa safari hupata faida ya mayai 120 kwa mwezi, na trei moja ni robo nzima. Huyu akiambiwa "yai kila siku" bila maelezo, atatumia yaliyopasuka. Aambiwe wazi kwamba yai zima mara tatu kwa wiki, na dagaa waliosagwa siku nyingine, ni bora kuliko yai lenye ufa kila siku.

Serikali zetu nazo zina sehemu yao. Bidhaa za Jumuiya zilizo kwenye orodha ya pamoja na zisizozidi dola 2,000 hupita bila ushuru kwa cheti rahisi cha uasilia, lakini cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa afya ya mifugo. Na mwanzoni mwa 2021 Kenya ilipozuia kuku na mayai ya Uganda, hata karatasi hazikusaidia. Mzigo ukikosa njia halali hupita njia za panya, kwenye mashimo, nyuma ya pikipiki, na kila shimo huongeza idadi ya mayai yanayorudi nyumbani. Kibali cha mifugo kinachopatikana palepale mpakani, kwa mchuuzi mwenye trei tano, kingepunguza nyufa hizo.

Wakati tukisubiri hilo, mama atenge trei ya mtoto siku ya kupakia, kabla mzigo haujapanda pikipiki, na amwachie anayebaki na mtoto. Akisubiri hadi jioni baada ya kuuza, atakuta yamebaki yale yasiyouzika.