Kabla ya kutuma malipo, soma wasifu wa mpigapicha wako wa harusi mara mbili

Msimu wa harusi unapokaribia, hasa Agosti na Desemba shule zikiwa zimefungwa, vijana wengi mjini hufanya jambo moja: kuzama mtandaoni kutafuta mpigapicha. Unafungua orodha ya wahudumu wa harusi, unapitisha kidole, unaona picha moja kali sana, unaangalia bei, kisha unatuma pesa kwa M-Pesa kushikilia tarehe kabla mwingine hajaichukua.

Kati ya ile picha na ile bei kuna mistari mitatu ambayo wengi huiruka. Wa kwanza unaeleza huduma, wa pili mtindo, na wa tatu eneo analohudumia. Huwa mifupi, kama vile: “Saa nane za kazi. Mtindo wa asili, nuru laini. Nairobi na viunga vyake.” Kila mstari ukiusoma peke yake hauna shida. Shida huja mistari hiyo inapokutana na ratiba ya siku yenyewe.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme unaishi Donholm, na harusi yako ni Jumamosi huko Machakos, kilomita 60 hivi kutoka katikati ya Nairobi. Umepata mpigapicha wa Sh60,000 kwa saa nane. Mwingine alitaka Sh80,000 kwa saa 12, Machakos ikiwemo, nawe ukamwona ghali. Kamati ya harusi imekupigia makofi kwa kuokoa Sh20,000.

Sasa tuifuate siku yenyewe. Mpigapicha anafika Donholm saa kumi na mbili asubuhi, bi harusi anaporembwa. Msafara unaondoka saa mbili ili ibada ianze saa nne. Ibada inaisha saa sita na nusu, kisha inakuja foleni ya picha za familia: upande wa mama, upande wa baba, shangazi wote, wanakwaya, wenzako wa kazini. Hiyo inameza saa nzima. Mnafika kwenye uwanja wa sherehe saa nane mchana.

Saa nane mchana ndipo kifurushi chako kinaisha. Keki haijakatwa, wazazi hawajazungumza, zawadi hazijatolewa, na hata chakula hakijapakuliwa. Mpigapicha hajakosea chochote. Alisema saa nane na amefanya saa nane, maana saa yake ilianza kuhesabiwa mlangoni Donholm na safari nzima ya kwenda Machakos iko ndani yake.

Sherehe inaisha saa kumi na moja na nusu jioni. Ukitaka abaki, utalipia saa tatu na nusu za ziada, na wengi huhesabu nusu saa kuwa saa nzima. Ikiwa kila saa ya ziada ni Sh5,000, hiyo ni Sh20,000. Ongeza usafiri, kwa sababu Machakos ni kaunti nyingine na haimo katika “viunga” vyake, tuseme Sh8,000. Yule wa Sh60,000 sasa ni wa Sh88,000, na nyongeza hiyo inadaiwa katikati ya sherehe, wakati kamati imeshamaliza pesa na hakuna wa kukaa chini kujadiliana. Yule uliyemwona ghali angekuwa bado na nusu saa mkononi.

Ndiyo maana neno “viunga” ni la kuulizia. Kwa mmoja linaishia Kiambu na Ngong, kwa mwingine linafika Thika na Kitengela. Uliza kwa jina la mahali: je, Machakos imo? Kama haimo, nauli ni kiasi gani? Harusi ikiwa mbali zaidi, tuseme Nyeri au Kisumu, nani atalipia malazi ya usiku wa kuamkia harusi? Mpigapicha anayetoka Nairobi alfajiri kwenda mbali hivyo anaweza kukwama barabarani, na gari lake likiharibika, maandalizi ya asubuhi yamekupita. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: saa inaanza kuhesabiwa wapi, na je, muda wa barabarani umo?

Mtindo nao una saa yake

Rudi sasa kwenye ile picha kali iliyokuvutia. Itazame vizuri. Nuru inatoka ubavuni, ina rangi ya asali, na nyuso hazina vivuli vikali. Picha kama hiyo hupigwa jioni, kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu, jua linapokaribia kuzama. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hivyo saa hiyo haibadiliki sana mwaka mzima.

Kifurushi chako kinaisha saa nane mchana. Yaani ulinunua mtindo wa jioni ukalipia saa za asubuhi. Huwezi kuupata hata mpigapicha awe fundi kiasi gani, kwa sababu picha zako za wawili mtazipiga baada ya ibada, jua likiwa juu ya kichwa. Jua la aina hiyo huangusha kivuli chini ya nyusi, macho yakawa mashimo meusi, na shela nyeupe ikang’aa hadi nakshi zake zisionekane. Mtaalamu atawatoa hapo awapeleke chini ya mti au kwenye kivuli cha jengo. Zitakuwa picha nzuri, ila hazitafanana na ile iliyokufanya utume pesa.

Kuna mtego mwingine katika maneno kama “nuru laini” na “picha angavu”. Baadhi ya wahariri hupata mwangaza huo kwa kupandisha weupe wa picha nzima, na ngozi nyeusi hupauka hadi rangi ya majivu. Utaujuaje mapema? Usiangalie picha kumi bora alizozitanguliza. Mwombe akuonyeshe picha zote za harusi moja, tangu asubuhi hadi mwisho, ikiwezekana harusi iliyofanyika mahali kama pako. Kisha mfuate mtu mmoja, tuseme mama wa bwana harusi. Ngozi yake nje ya kanisa, ndani ya kanisa na chini ya hema ifanane. Ikiwa nje ni kahawia na ndani ni rangi ya machungwa, bado hajamudu nuru ya ndani.

Hema hasa ni mtihani. Hema jeupe husambaza nuru vizuri. Likipambwa kwa vitambaa vyekundu au vya zambarau, rangi hiyo huanguka kwenye nyuso za wageni, na kuiondoa wakati wa kuhariri ni kazi kubwa. Ukiona picha zake za ukumbini karibu zote ni nyeusi na nyeupe, muulize kwa nini. Huenda ni ladha yake, au huenda ni njia ya kuficha rangi zilizomshinda. Na kama hujachagua vitambaa, mpigie kwanza.

Nani atakuja, na picha ni za nani?

Wasifu ukisema “timu yetu”, uliza ni nani hasa atakayekuja. Jumamosi moja ya Desemba studio inaweza kuwa na harusi tatu, na mwenye jina hawezi kuwa kote. Kutuma mwenzake si kosa, bora uwe umeona kazi ya huyo mwenzake na jina lake limo kwenye makubaliano.

Huduma ya droni nayo ina masharti. Kanuni za 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani zinaiweka chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, na anayefanya nayo biashara anahitaji kibali. Harusi yako ikiwa Lang’ata au Karen, karibu na Uwanja wa Wilson, muulize mapema kama ana idhini ya kuirusha hapo. La sivyo utalipia droni itakayobaki ndani ya mkoba.

Kisha kuna umiliki. Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mtu, hakimiliki yake huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa makubaliano yaseme vingine. Hilo “isipokuwa” ndilo muhimu, maana mikataba mingi ya wapigapicha husema hakimiliki inabaki kwao. Ukitia saini bila kusoma, umeikabidhi mwenyewe.

Kuchapisha picha ni suala jingine. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, uso wa mtu ni data yake. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja. Kwa hivyo kama hutaki wale watoto wa maua waonekane kwenye ukurasa wa mpigapicha, sema kabla ya siku, kwa maandishi.

Na mambo yakiharibika? Malipo ya kushikilia tarehe kwa kawaida hayarejeshwi mteja akijiondoa, na hilo lina mantiki, kwa sababu mpigapicha amewakataa wengine kwa ajili yako. Lakini asipofika yeye, hadithi ni nyingine. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Utahitaji ushahidi, na wasifu wa mtandaoni hubadilishwa kwa dakika moja. Upige picha ya skrini siku unayolipa, uweke pamoja na ujumbe wa M-Pesa.

Bora zaidi, kabla ya kulipa mwandikie hivi kwenye WhatsApp: “Harusi ni Machakos. Maandalizi Donholm saa 12 asubuhi, keki saa 10 jioni, picha za wawili saa 11 na nusu jioni. Je, bei hii inafika hadi hapo, usafiri ukiwemo? Ni nani atakayekuja? Hakimiliki ni ya nani?”

Akijibu swali moja baada ya jingine, una makubaliano ya maandishi. Akijibu “usijali, tutapanga siku hiyo”, basi wewe ndiye utakayepanga, saa nane mchana, umesimama mbele ya keki ambayo haijakatwa.