Mvua ya Ndotoni Si Kilio Chako

Jirani yangu aliota mvua kubwa ikimwagika ndani mpaka kitanda kikaelea. Hajamaliza kusimulia, baraza ikamsomea: una kilio umekizuia. Angeota ukame, wangesema mapenzi yamemkaukia. Wingu jeusi, hasira inakuja. Nasema ni porojo, hata ikitamkwa kwa sauti ya kisaikolojia.

Mwaka 1958 Wamarekani wawili, William Dement na Edward Wolpert, walimvizia mlalaji mpaka macho yake yaanze kucheza chini ya kope, saa ambayo ndoto hukolea. Wakamnyunyizia maji baridi, wakangoja kidogo, kisha wakamwamsha. Katika majaribio 42 kati ya kila 100, maji yalikuwa yameingia ndotoni. Mmoja alikuwa akiota mchezo wa kuigiza. Ghafla mwigizaji wa kike akaanguka, maji yakimdondokea. Yeye akamkimbilia, akahisi matone mgongoni mwake, na akili ikampa sababu papo hapo: paa linavuja. Baraza yetu ingemwambia anamlilia mwanamke. Majonzi yake yote yalitoka kwenye bomba la daktari.

Kweli, katika zaidi ya nusu ya majaribio maji hayakuonekana ndotoni, kwa hiyo siwezi kudai kila mvua inatoka chumbani. Na wapinzani wangu wana hoja moja nzito. Ernest Hartmann, daktari wa akili, aliona kwamba watu walionusurika moto au kushambuliwa waliweza kuota wimbi kubwa likiwazoa. Wala wimbi halikuwapo. Hofu ilijitafutia sura ya maji, nakubali. Lakini Hartmann alilijua janga kwanza, ndipo akaisoma ndoto. Sisi tunaanza na wimbi, halafu tunamtafutia mtu moto ambao hakuungua.

Na ni mvua ya nani? Aliyekaa bonde la Msimbazi, Jangwani, Desemba 2011, akaona maji yanapanda ukutani, anaweza kuota mvua na kuamka anatetemeka. Mfugaji wa Longido aliyepoteza ng'ombe kwa ukame wa 2009 anaweza kuota mvua ileile na kuchukia kuamshwa. Kamusi moja ya ndoto itawasoma vipi hawa wawili? Hata ukame maarufu kuliko yote ndotoni, ule wa Farao aliotafsiriwa na Yusuf, haukuja kama ardhi iliyopasuka. Ulikuja kama ng'ombe saba waliokonda na masuke makavu, na ulihusu chakula cha Misri, si huzuni ya Farao.

Nilimuuliza jirani swali ambalo baraza nzima haikuuliza: katika ndoto, ulijisikiaje? Akacheka. Alikuwa anafurahi, anakinga ndoo. Maji ya bomba mtaani kwetu yalikuwa yamekatika siku ya nne.