Friji Inayogandisha Si Lazima Iwe Salama

Katika nyumba nyingi za mijini kwetu, mgeni anayekwenda kuchukua maji ya baridi huambiwa, "Vaa ndala kwanza, friji hiyo ina shoti kidogo." Kauli hiyo husemwa kwa upole, kana kwamba inaeleza tabia ya friji tu. Kwa daktari wa magonjwa ya dharura, hiyo ni dalili ya hatari. Inamaanisha kwamba umeme umekwisha kufika kwenye bodi ya chuma, na kinachomtenga mtu na madhara yake ni soli ya ndala.

Nilipoalikwa kutoa mazungumzo mafupi kwa kikundi cha vijana kuhusu ununuzi wa vifaa vya umeme vilivyokwisha kutumika, niliyajenga mazungumzo yangu juu ya hoja moja. Muuzaji huchomeka kifaa, hukiwasha, kisha husema, "Unaona mwenyewe, kinafanya kazi." Jaribio hilo si la uongo, ila linajibu swali moja tu. Swali la pili, yaani kama kifaa hicho kitamlinda mtumiaji siku kitakapoharibika, hujibiwa kifaa kikiwa kimezimwa na kuchomolewa, kwa macho na vidole.

Kifaa chenye bodi ya chuma, kama vile friji, pasi au birika la umeme, huhitaji nyaya tatu. Katika nyaya za rangi za kisasa, wa kahawia huleta umeme, wa buluu huurudisha, na wenye mistari ya kijani na manjano, ambao mafundi huuita ethi, huunganisha bodi ya kifaa na ardhi. Waya huu wa tatu haufanyi kazi yoyote siku zote kifaa kikiwa kizima. Kazi yake huanza pale waya wa kahawia unapochubuka na kugusa bodi. Hapo umeme mwingi hukimbilia ardhini kwa ghafla, fyuzi hukatika, na kifaa huzimika. Ethi ikikosekana, fyuzi haikatiki. Bodi hubaki na volti 230, huku friji ikiendelea kugandisha kama kawaida, ikimsubiri mtu atakayeigusa.

Wengi hudhani fyuzi ndiyo inayomlinda mtu. Fyuzi ya plagi yenye pini tatu za mraba mara nyingi ni ya ampea 13. Umeme wa kiasi cha miliampea 10 tu ukipita mkononi unaweza kuikaza misuli kiasi kwamba mtu hawezi kuachia alichokishika. Ukifika miliampea 30 na kupita kifuani, upumuaji na mapigo ya moyo huwa hatarini. Ampea 13 ni zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho. Hivyo mtu anaweza kufa na fyuzi isihisi lolote.

Niliwapa vijana mfano wa friji ndogo iliyotoka Ulaya bara, ambayo kijana anataka kuinunua ili auze juisi na barafu. Plagi yake ni ya duara na ina pini mbili nene. Ethi yake haipo kwenye pini. Ipo kwenye vipande viwili vya chuma vilivyo ubavuni mwa plagi. Soketi zetu nyingi ni za matundu matatu ya mraba na hazina kitu cha kugusa vipande hivyo. Muuzaji husukuma kijiti au kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu ili matundu mawili ya chini yafunguke, kisha huingiza plagi kwa nguvu. Friji huwaka, na jaribio huonekana limefaulu. Kumbe tangu dakika hiyo friji imepoteza ethi yake. Adapta nyingi za bei rahisi huleta matokeo yaleyale, kwa kuwa hupokea pini mbili tu.

Sasa tuigeuze friji hiyo tuitazame kwa nyuma. Pale waya unapoingia kwenye bodi, karibu na kompresa, panapaswa kuwa na kipete cha mpira. Kimeanguka, na ukingo wa bati umeanza kuukata mpira wa waya. Mtikisiko wa kompresa utaendelea kuukata kidogo kidogo kwa miezi. Siku shaba itakapogusa bati, kijana yule atakuwa amesimama peku kwenye sakafu yenye maji ya barafu. Kila kasoro ilionekana siku ya kununua, ila hakuna aliyeinama kuangalia.

Kwa hiyo niliwaomba vijana wafuate njia moja, kutoka kwenye plagi hadi kwenye bodi. Kwenye plagi, watafute alama za kuungua kuzunguka pini, maana zinaonesha joto la muunganiko uliolegea. Plagi ikiwa na skrubu, ifunguliwe: nyaya ziwe tatu, ule wa kijani na manjano uwe kwenye pini ndefu, na fyuzi iwe fyuzi, si kipande cha waya au karatasi ya fedha. Kisha waya upitishwe wote kati ya vidole. Mkanda mweusi uliozungushwa huficha kiungo au mchubuko; dawa yake ni kubadilisha waya mzima, si kuongeza mkanda. Mwisho ni bodi: nyufa, skrubu zilizokosekana, kutu chini, na kibandiko kinachotaja volti. Kikisema volti 100, kifaa hicho hakikutengenezwa kwa umeme wetu.

Yapo mambo ambayo jicho haliyaoni, kwa mfano ethi iliyokatika ndani ya waya. Fundi mwenye mita hulijua kwa nusu dakika: ncha moja kwenye ethi ya plagi, nyingine kwenye skrubu isiyo na rangi ya bodi, na mita ilie. Vifaa vyenye alama ya mraba ndani ya mraba vimetengenezwa kwa kinga maradufu na havihitaji ethi. Kwa hivyo pini mbili si kosa kwao, lakini ufa kwenye ganda lao ni kosa kubwa. Tena, friji nzima haitamlinda mtu kama soketi ya nyumba haikuunganishwa na ardhi. Nyumba ya kupanga nayo inahitaji kupimwa na fundi.

Kwa wahudumu wa afya wenzangu nina ombi. Mgonjwa anapofika akiwa amepigwa na umeme, tusitosheke na kidonda kidogo cha mkononi. Umeme huweza kuunguza misuli ndani huku ngozi ikionekana karibu nzima, na mkojo mweusi kama chai ya rangi ni onyo kwa figo. Tumpime moyo, kisha tumuulize: ulikuwa umeshika kifaa gani, na plagi yake ina pini ngapi? Kifaa hicho bado kipo nyumbani, na watoto bado wanakigusa. Familia iambiwe izime umeme kwenye swichi kuu, ikichomoe, na isikirudishe mpaka fundi akipime.

Nanyi mnaosoma haya mkiwa na friji "yenye shoti kidogo", ndala si matengenezo. Izimeni leo.