Karatasi ya Uwakala: Tuisome Kabla ya Kutia Saini

 

Baadhi ya waumini wa Ruaha Mbuyuni wanaolima vitunguu kwa maji ya mto Lukosi wametuletea karatasi waliyopewa na kampuni moja ya uwakala, wakituomba tuwasomee kabla hawajatia saini au dole gumba. Inaitwa "Mkataba wa Uwakilishi". Kampuni itayachukua magunia shambani, itayapeleka Dar es Salaam, itayauza kwa niaba ya mkulima "kwa bei itakayoonekana inafaa", kisha itamlipa baada ya kukata "gharama zote" na ujira wa asilimia 10. Mkulima hataruhusiwa kumuuzia mtu mwingine kwa misimu miwili. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba kampuni itamkopesha mbegu na mbolea, na deni litakatwa katika mauzo.

Wapo ndugu wanaosema uwakala wa namna hii ni haramu moja kwa moja, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amekataza mwenyeji wa mji kumuuzia mtu wa bara, na Ibn Abbas (r.a.) akaeleza kwamba maana yake ni kutokuwa dalali wake. Hadithi hiyo ni sahihi. Lakini wanazuoni wa Kishafii wameifungamanisha na sharti: kwamba mgeni amekuja kuuza kwa bei ya siku ile bidhaa inayohitajiwa na watu, kisha mwenyeji akamshawishi amwachie aiuze polepole kwa bei ya juu. Mkulima anayetafuta mwenyewe mtu wa kumuuzia hayumo humo. Asili ya uwakala ni halali: vijana wa pangoni katika Surat al-Kahf walimtuma mwenzao na fedha akawanunulie chakula, na Mtume (s.a.w.) alimwakilisha Urwa al-Bariqi kununua mbuzi kwa dinari moja. Urwa akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi pamoja na dinari. Faida yote ilirudi kwa mwenye mali.

Basi swali letu si jina la karatasi. Tunauliza: je, mtu huyu anayejiita wakala amebeba wajibu wa wakala?

Tuanze na bei. Tuchukue mfano wa mkulima mwenye magunia 40, na kila gunia likauzwa shilingi 90,000. Jumla ni shilingi 3,600,000. Tukadirie usafiri, upakiaji na ushuru vimefika 800,000. Ikiwa asilimia 10 inakatwa katika mauzo yote, ujira ni 360,000 na mkulima anapata 2,440,000. Ikiwa inakatwa baada ya kutoa gharama, ujira ni 280,000 naye anapata 2,520,000. Karatasi haisemi ni ipi. Hiyo ni tofauti ya 80,000, na ndiyo ndogo.

Tofauti kubwa imejificha katika kifungu kinachoiruhusu kampuni kuuza "kwa mnunuzi yeyote, ikiwemo kampuni yenyewe au washirika wake". Hebu kampuni ijiuzie gunia kwa 70,000, kisha iliuze sokoni kwa 90,000. Ujira wake unapungua kwa 80,000 tu, lakini imepata 800,000 kwa mlango wa nyuma. Mkulima amepoteza 720,000 na hesabu aliyoletewa haina kosa hata moja la kujumlisha. Madalali huita pato hilo "cha juu". Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kuwa hapana ubaya kumwambia mtu: uza nguo hii, kinachozidi bei kadhaa ni chako. Wanazuoni wengi hawakukubali, kwa kuwa ujira haujulikani. Lakini hata kwa rai ya Ibn Abbas, mwenye mali ndiye aliyeitaja bei ya chini na kukiachilia kilichozidi kwa ridhaa yake. Katika madhehebu ya Shafii wakala wa kuuza hajiuzii mwenyewe, wala hauzi kwa mkopo bila idhini, wala kwa hasara ya wazi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, nayo inamtaka wakala atoe hesabu anapodaiwa, na inampa mwenye mali haki ya kudai faida ambayo wakala ameipata kwa kufanya biashara ya nafsi yake bila mwenye mali kujua. Kifungu kile kimewekwa ili mkulima aonekane alijua na akaridhia.

Tazameni na upande wa hasara. Wakala ni mtu wa amana, hivyo vitunguu vikioza njiani bila uzembe wake, hasara ni ya mkulima. Angekuwa mnunuzi, hasara ingekuwa yake. Kampuni hii imejichukulia uhuru wa mnunuzi katika bei na kinga ya wakala katika hasara. Hatuoni uadilifu hapo.

Sasa herufi ndogo za mwisho, ambazo kwa rai yetu ndizo nzito kuliko zote. Uwakala katika fiqhi ni mkataba usiofunga: mwenye mali anaweza kumwondoa wakala wake, na wakala anaweza kujiondoa. Sheria ya nchi pia inaruhusu kuuvunja, kwa taarifa ya kutosha, na pengine kwa fidia ikiwa muda ulikubaliwa. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba wakala akiwa na maslahi yake mwenyewe katika mali anayoiuza, uwakala hauvunjwi kwa kuyadhuru maslahi hayo, isipokuwa mkataba umeruhusu waziwazi. Mfuko wa mbolea wa mkopo, unaolipwa kutokana na vitunguu vilevile, unaweza kuwa ndiyo maslahi hayo. Aliyedhani ameazimwa mbolea anaweza kukuta amefunga mlango wa kutokea. Na kisheria ya dini Mtume (s.a.w.) amekataza kuchanganya mkopo na biashara. Hapa mkopeshaji anajipatia ujira wa asilimia 10 kwa misimu miwili kwa sababu alikopesha.

Katika Surat al-Baqara, aya ya 282, anayeamrishwa kumsomea mwandishi maneno ya deni ni yule ambaye haki iko juu yake, na asiyeweza, walii wake amsomee kwa uadilifu. Karatasi hii imekuja imeandikwa tayari na upande mmoja. Kwa hiyo tumewashauri waliotujia wairudishe pamoja na maneno yao wenyewe: bei ya chini ambayo chini yake kampuni haiuzi bila kupiga simu, mauzo kuhesabiwa kwa kilo zilizopimwa shambani mbele ya mkulima, kwani neno "gunia" peke yake linaikaribisha lumbesa, stakabadhi ya kila gharama, kampuni isijiuzie, deni la mbegu na mbolea liwe katika karatasi ya peke yake, lilipike kwa fedha kutoka popote, na uwakala uvunjike kwa taarifa ya siku 14, deni liwepo au lisiwepo. Nakala moja ibaki kwa mkulima.

Kampuni ikikataa bei ya chini na kilo, ni bora mkulima auze shambani kwa fedha taslimu. Bei ya shambani huwa ndogo, lakini lori likishaondoka Mbuyuni, kuoza na kuchelewa njiani ni juu ya aliyenunua.