"Kwa Sababu" Moja, Majibu Mawili

Hapa Nemba mgomba hauhitaji kutambulishwa kwa mtu. Ndiyo maana tulipokaa kuandaa mtihani wa majaribio wa Biolojia kwa Kidato cha Sita, swali la mgomba lilitujia upesi na tukaliona salama. Lilikuwa swali la dai na sababu. Mtahiniwa hupewa sentensi mbili zilizounganishwa kwa neno "kwa sababu", kisha huchagua herufi moja. Ni A ikiwa zote mbili ni kweli na ya pili inaieleza ya kwanza. Ni B ikiwa zote ni kweli lakini ya pili haiielezi ya kwanza. C ni dai kweli na sababu si kweli, D ni kinyume chake, na E ni zote mbili si kweli.

Dai letu lilisema kwamba ndizi ya kupika ya nyanda za juu za Afrika Mashariki haina mbegu. Sababu ikasema kwamba mmea wake una seti tatu za kromosomu. Tukaandika A, tukaendelea na swali lililofuata.

Siku ya kurudisha karatasi, kijana mmoja aliyechagua B alisimama. "Samahani mwalimu," alisema, "mchare wa kwetu Moshi una seti mbili tu, na hauna mbegu." Tulimjibu kwamba jibu ni A na kengele ikatuokoa. Jioni tulifungua vitabu. Mchare, ule unaopikiwa mtori Kilimanjaro, kweli una seti mbili, na kweli hauna mbegu.

Ukweli ni kwamba mambo mawili yanakutana ndani ya ndizi isiyo na mbegu. La kwanza ni kwamba tunda linajaa nyama bila ua kuchavushwa, na tabia hiyo mgomba unaweza kuwa nayo hata ukiwa na seti mbili. La pili ni utasa wa mmea wenyewe, na hapo ndipo seti tatu zinapoingia. Kwa hiyo aliyechagua A hakuwa mjinga, na aliyechagua B hakuwa mjinga. Tatizo lilikuwa kwetu: tuliandika dai pana kuliko sababu tuliyolipa.

Tangu hapo tunakagua kila jozi kwa kuuliza: kama sababu hii isingekuwepo, je, dai lingeweza kubaki vilevile? Mchare unajibu kwamba ndiyo, ndizi inaweza kukosa mbegu bila seti tatu. Hata hivyo swali hili la ukaguzi lina mpaka wake. Jambo likiwa na visababishi viwili vya kweli, kuondoa kimoja hakuthibitishi kwamba hakikuwa na kazi. Ukifika hapo, acha kubishana kuhusu herufi. Rudi kwenye dai ulipunguze mpaka libebwe na sababu moja tu.

Tulijaribu kulitengeneza lile la mgomba na tukakosea tena. Tuliandika kwamba mgomba huo "hautoi mbegu kamwe". Neno "kamwe" lilitufunga. Watafiti wa Uganda, pamoja na taasisi ya IITA, wamekuwa wakichavusha baadhi ya aina za ndizi hizi kwa chavua ya migomba ya porini na kupata mbegu chache. Kizazi cha aina chotara ziitwazo NARITA kilitokana na kazi ya namna hiyo. Mwanafunzi aliyesoma habari hiyo angechagua D, na tusingekuwa na la kumjibu. Maneno kama "kamwe", "daima" na "yote" tunayakagua sasa kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele.

Jozi iliyosimama ni hii. Dai: gameti nyingi za mgomba wa ndizi za kupika wa nyanda za juu hazifai kwa uzazi. Sababu: katika meiosisi, seti tatu za kromosomu hazigawanyiki sawasawa. Seti moja ya mgomba ina kromosomu 11, kwa hiyo mmea huu una 33. Kromosomu mbili zinazofanana zikipata kila moja upande wake, ya tatu huenda popote. Gameti moja inaweza kupata 14, nyingine 19, na nyingi zinabaki na hesabu isiyokamilika. Hapo sababu inafika kwenye dai moja kwa moja, bila kupitia jambo la tatu ambalo hatukulitaja. Mchare haupingi chochote, maana dai halizungumzii tena mbegu ndani ya tunda.

Kwa uzoefu wetu jozi ngumu kuliko zote kuandika ni ya B. Sentensi mbili za kweli zinazohusu kitu kimoja zinavutana zenyewe, na mwanafunzi mwerevu atajenga daraja kati yake. Tuliwahi kuandika kwamba seli nyekundu za damu za mamalia zilizokomaa hazina kiini, kwa sababu hubeba oksijeni kwa hemoglobini. Tuliweka B, tukijitetea kwamba seli nyekundu za ndege zina kiini na bado hubeba oksijeni kwa hemoglobini. Lakini vitabu vingi vya kiada hueleza kwamba kukosa kiini huacha nafasi zaidi ya hemoglobini, na mwanafunzi aliyekariri hivyo atachagua A kwa dhamiri safi.

Hapa Kiswahili kilitusaidia, ingawa mtihani unaandikwa kwa Kiingereza. Tuliisema jozi kwa Kiswahili na ulimi ukakataa "kwa sababu", ukataka "ili": seli haina kiini ili ibebe hemoglobini nyingi. "Ili" hutaja faida, na "kwa sababu" hutaja kisababishi. Jozi inayokubali yote mawili haina jibu moja. Tulibadilisha sababu ikawa kwamba antijeni za makundi ya damu ziko juu ya utando wa seli nyekundu. Ni kweli, ni kuhusu seli ileile, na hakuna anayeweza kuifanya ieleze kukosekana kwa kiini. Imekuwa rahisi kidogo kuliko tulivyotaka. Tunaona afadhali hivyo.

Mwandishi wa swali hawezi kuwa mkaguzi wake, kwa kuwa anajua alichokusudia. Kwa hiyo tunampa frateri aliyeko nasi kwa mwaka wa uchungaji karatasi isiyo na majibu. Kwanza anasoma madai peke yake, sababu zikiwa zimefunikwa, na kuandika kweli au si kweli. Kisha anasoma sababu peke yake. Mwisho ndipo anaziunganisha na kuandika, kwa kila A na kila B, sentensi moja ya kulitetea jibu. Herufi yake ikitofautiana na yetu, hatumwelimishi. Jozi inarudi mezani.

Baada ya mtihani tunaangalia karatasi kumi za juu. Ikiwa sita kati yake zimechagua herufi moja ambayo si yetu, tunashuku jibu letu kabla ya kuwashuku vijana, ingawa wakati mwingine tunakuta ni sisi tuliofundisha mada hiyo vibaya.

Kuna wenzetu wanaosema kurekebisha alama baada ya matokeo kunashusha heshima ya mwalimu mbele ya darasa. Hatukubaliani nao. Lile swali la mgomba tulilifuta kwa wote, tukahesabu upya asilimia, na tukamwambia yule kijana mbele ya wenzake kwamba mchare wake ulikuwa hoja halali. Alicheka, akauliza kama sasa anaweza kuleta na swali la chawa.

Tunalo mezani wiki hii. Dai lake bado ni pana mno.