Kuvuruga Matukio si Kufanya Majaribio

Kuna ugonjwa umeingia kwenye filamu zetu fupi, na nitausema hata kama nitapoteza marafiki. Mtu anaandika kisa cha kawaida kabisa, kina mwanzo, kati na mwisho. Halafu anaogopa kwamba ni cha kawaida. Basi anachukua mwisho anauweka mbele, mwanzo anautupa katikati, na anatuambia hii ni filamu ya majaribio. Jaribio liko wapi hapo? Kama nikizirudisha sini zako kwenye mpangilio wa tarehe na filamu haipotezi kitu, ulichofanya ni kuchanganya karata tu.

Nasema hivi kwa sababu nimekaa sakafuni na kadi 14, nikabishana mpaka usiku. Rafiki yangu mwongozaji aliniita nimsaidie muswada wa filamu ya dakika 12. Binti anapeleka cherehani ya marehemu mama yake sokoni kuiuza. Ndani ya droo ya cherehani kuna gauni ambalo halijamalizwa, na hajui lilikuwa la nani. Ni hilo tu. Kila sini tuliiandika kwenye kadi, tukazitandaza chini.

Mimi, kwa uoga wa mwandishi wa habari, nilitaka muundo wa matendo matatu. Ndio unaofundishwa kila mahali tangu Syd Field alipouandika kitabuni mwaka 1979: kurasa 30 za kuanzisha, 60 za mgogoro, 30 za kumalizia. Lakini hesabu ile ni ya filamu ndefu ya saa mbili. Igawe kwa kumi uipate ya dakika 12, unabaki na dakika tatu za kuanzisha. Dakika tatu za mama akishona na kutabasamu ni robo ya filamu! Tena katika dakika ya pili mama anampima binti yake kwa futi kamba, kwa hiyo mtazamaji ameshajua gauni ni la nani. Tulipowasomea watu muswada huo, droo ilipofunguliwa hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wamemtangulia binti kwa dakika nane.

Mwongozaji akacheka. “Si nilikwambia, kaka? Maisha hayaendi kwa mstari.” Akachanganya kadi: mazishi, soko, utoto, hospitali, soko tena. Tukarekodi kwa simu toleo la kujaribia, tukawaonyesha watu wanane. Sita kati yao waliuliza swali lilelile: yule mama mgonjwa ndiye binti akiwa mzee, au ni mtu mwingine?

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza kweli. Yeye alisema filamu ya majaribio haina deni la kueleweka. Mimi nasema maswali ni ya aina mbili. “Huyu ni nani?” ni swali linalomla mtazamaji muda. “Kwa nini mama hakumwambia kwamba anamshonea?” ndiyo filamu yenyewe. Mtazamaji aliyetumia dakika sita kwenye swali la kwanza hana nguvu ya kulifikia la pili, na dakika zimeshakwisha.

Najua wapenzi wa vitabu mtanitajia Kezilahabi. Ni kweli, Nagona na Mzingile zilivunja mstari, na sisi wasomaji tukazipenda. Lakini msomaji ana kidole. Akipotea, anarudi kurasa mbili nyuma, anasoma tena, anaweka kitabu tumboni anafikiri. Mtu aliyekaa ukumbini hana kidole hicho. Msuko uwe changamano kiasi gani, kwake filamu inakwenda mbele tu, sekunde baada ya sekunde. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuchagua msuko ni moja: mtazamaji ajue nini, na alijue lini?

Itazame La Jetée ya Chris Marker, ya mwaka 1962, ambayo kila mtetezi wa kuvuruga huitaja. Ina dakika kama 28, na karibu yote ni picha mnato. Mtoto katika uwanja wa ndege wa Orly anaona uso wa mwanamke na mtu akianguka kufa. Vita inateketeza Paris, mtoto amekuwa mfungwa, anarudishwa katika wakati uliopita, anamkuta yule mwanamke. Mwishoni anakimbia kumfuata palepale uwanjani, na anatambua kwamba kifo alichokiona utotoni kilikuwa chake. Sasa niambie, Marker alichanganya nini? Tunamfuata mtu huyo hatua kwa hatua, tangu utoto hadi kifo, kama anavyoishi yeye mwenyewe. Kilichopinda ni wakati ndani ya kisa, na tukio moja linaonekana mara mbili kwa maana mbili. Ukibadilisha nafasi ya tukio hilo, filamu inakufa. Mpangilio wenye sababu huwa hivyo: haukubali kuguswa.

Nakiri zipo filamu ambazo “huyu ni nani?” ndiyo mada yenyewe. Meshes of the Afternoon ya Maya Deren na Alexander Hammid, ya mwaka 1943, inamwonyesha mwanamke akijiona mwenyewe akija tena na tena. Lakini hata humo mtazamaji amepewa kamba ya kushika: ufunguo, kisu, ua, ngazi. Vitu vichache, vinarudi kila mzunguko, na kila vikirudi kuna kilichobadilika. Toleo letu la kadi zilizochanganywa halikuwa na kamba hata moja.

Tulichofanya mwishoni ni hiki. Soko tuliliacha liende moja kwa moja, tangu bei ya kwanza hadi pesa kuhesabiwa. Mteja anaikagua cherehani kama wateja wote. Anazungusha gurudumu, na tunamwona mama katika siku zake za mwisho, binti akimzungushia gurudumu kwa mkono. Anakanyaga pedeli, na tunamwona mama miezi kadhaa kabla, mzima, akishona usiku peke yake. Anafungua droo, gauni linatoka, na tunarudi nyuma zaidi: mama anampima binti mabega, anamwambia anataka tu kujua kama amekonda.

Soko linakwenda mbele, kumbukumbu zinarudi nyuma. Mbinu hii si mpya. Memento ya mwaka 2000 ina mistari miwili ya namna hiyo inayokutana mwishoni. Sisi tuliichagua kwa sababu moja. Kumbukumbu zingekwenda mbele, zingeishia kwenye kifo, na kifo mtazamaji anakijua tangu anaposikia neno marehemu. Zikirudi nyuma zinaishia kwenye vipimo, kitu ambacho yeye na binti wanakielewa kwa wakati mmoja. Na hakuna anayepotea, maana kila safari ya nyuma inafunguliwa na mkono wa mteja.

Tuliwaonyesha watu wengine wanane. Hakuna aliyeuliza yule mama ni nani. Mmoja, fundi nguo, aliuliza kwa hasira kwa nini binti aliipokea ile pesa baada ya kuliona gauni. Mwongozaji alinitazama, hakusema kitu. Tuliziokota kadi zote 14 sakafuni. Zilizoingia kwenye filamu ni tisa, na ya mazishi haikuwa mojawapo.