Mahafali Ughaibuni: Tusifike kwa Haraka, Tusiondoke kwa Haraka

Wengi wetu tuna ndugu wasomao ng'ambo, na siku yao ya mahafali inapokaribia, wazee nyumbani hufanya shauri namna ya kwenda. Mimi nasema makosa huanza katika shauri hilo, wala si katika safari. Nitaeleza yaliyotupata.

Kaka yangu alipata digrii ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Scotland, mwezi wa Novemba 2024. Baba mdogo ndiye aliyetangulia kuomba viza. Alimwambia kaka aandike katika barua ya mwaliko kwamba atakaa siku tisini, "maana viza ya mgeni ni miezi sita, kwa nini tuombe kidogo?" Lakini barua ya mwajiri wake ilisema amepewa likizo ya siku kumi na nne tu. Barua mbili zikapingana, ombi likakataliwa, na ada haikurudi.

Hapo ndipo nilipofahamu kazi ya barua ya mwaliko. Si barua ya kumsifu mgeni, wala haimlazimishi mtu yeyote kutoa viza. Ni ushahidi tu, na lazima ukubaliane na ushahidi mwingine. Barua ya pili ya kaka ilikuwa fupi: jina lake na anwani yake, sisi ni nani kwake, tarehe ya mahafali, tarehe ya kuingia na ya kutoka, tutalala wapi, na nani atalipa nini. Aliambatisha uthibitisho wa chuo kwamba anahitimu siku hiyo. Baba naye akatoa taarifa za benki na barua ya kazini, zote zenye tarehe zile zile. Waweza kuomba miezi mitatu kabla ya safari, na jibu kwa kawaida huja katika majuma matatu baada ya kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Sisi tuliomba mapema, tukapata.

Jambo la pili ni siku ya kufika. Mahafali yalikuwa Jumatano. Wengine walisema tufike Jumanne, tuokoe gharama ya malazi. Baba akakataa, tukafika Jumapili. Kutoka Entebbe hakuna ndege iendayo moja kwa moja hadi Edinburgh, hubadilishwa njiani, na katika kubadilisha huko sanduku letu moja lilibaki nyuma. Lililetwa Jumanne jioni. Ndani yake mlikuwa na kanzu ya baba na koti lake. Tungalifika Jumanne, baba angaliingia ukumbini na sweta la safari. Tangu hapo nashauri: nguo za siku ile zikae katika mkoba wa mkononi.

Juu ya nguo hizo, wapo waliomtaka mama anunue gauni la Kizungu. Mimi sikubali. Mgeni hatakiwi sare yoyote, hutakiwa awe nadhifu. Mama alivaa gomesi, na ndani yake nguo nzito za kubana mwili, kwa sababu Novemba huko ni baridi na jua huzama karibu saa kumi jioni. Mhitimu ndiye mwenye sharti. Kaka alikodi joho, na ile kofia ya mgongoni ina kitanzi cha kufungia kwenye kifungo cha shati. Asiye na kifungo hukabwa shingo siku nzima.

Wazazi waliingia Ukumbi wa McEwan kwa tikiti mbili za kaka. Mimi wa tatu nilitazama kwa simu. Kila mhitimu huguswa kichwani kwa kofia moja nyeusi ya zamani, kisha hupita. Kwa kaka ilikuwa muda wa kupepesa macho tu. Aliyechelewa amekosa, wala hairudiwi.

Ndiyo maana natetea siku za ziada, lakini chache. Tulikaa hadi Jumatatu iliyofuata, kama barua ilivyosema. Tulitazama Makumbusho ya Taifa ya Scotland, ambayo kuingia ni bure, tukamsaidia kaka kufunga vitabu vyake. Jioni moja baba alimwuliza taratibu alikuwa akila nini miaka ile. Kaka akatueleza kazi ya usiku aliyoifanya, ambayo hakuwahi kuiandika katika barua zake. Siku ya mahafali yenyewe, kwa picha na pongezi, swali hilo lisingepata nafasi.

Baba mdogo asema bado kwamba siku tisini zingalifaa zaidi. Mimi nasema nane zilizo za kweli zilitutosha. Wasomaji wahukumu.